Moshi sio sababu DMT inaisha haraka

Wiki iliyopita nimeulizwa tena lile swali la DMT, dawa inayomfanya mtu aone mambo yasiyokuwepo, safari hii na mwanafunzi wa mwaka wa tatu kabisa, mtu ambaye farmakolojia ameshaisoma na mtihani amefaulu. "Madam, DMT si inaisha upesi kwa sababu inavutwa? Maana moshi ukishatoka mapafuni basi imeisha." Nilimjibu palepale kwa dakika tatu hivi, afu nikarudi nyumbani bado inanisumbua, kwa sababu hili jambo nimelisikia kwa wanafunzi, kwa manesi, hata kwa daktari mmoja kwenye semina, na kila mara linasemwa kama vile ni kitu kinachojulikana na wote. Sasa naliandika lote hapa.

Kosa ni kwamba watu wanachanganya vitu viwili, dawa inavyoanza kazi na dawa inavyoisha. Njia ya kuingilia mwilini inaeleza vizuri mwanzo. Mwisho ni habari nyingine, na moshi hauhusiki nao karibu kabisa.

Mwanzo nitaupitia haraka maana hauna ubishi. Ukivuta kitu, kinaingia kwenye damu ya mapafu, damu ya mapafu inaenda moja kwa moja upande wa kushoto wa moyo, na kutoka hapo pigo linalofuata linapeleka sehemu yake kwenye ubongo. Ni suala la sekunde. Haipiti tumboni wala haipiti kwenye ini kwanza. Ndo maana mtu wa sigara anaisikia nikotini upesi kuliko mtu wa ugoro, ingawa nikotini ni ileile. DMT ni molekuli ndogo inayopenda mafuta, ikifika kwenye ubongo inapenya, na mtu anaanza kuona mambo kabla hata ya dakika moja, kilele kinakuja ndani ya dakika chache, na kwenye dakika 15 hadi 30 ameshaturudia. LSD, dawa nyingine ya aina hiyo, inamezwa. Lazima iyeyuke, ifyonzwe, ipite kwenye ini, ndo ifike juu. Albert Hofmann, mkemia aliyeitengeneza, alipoijaribu kwa makusudi tarehe 19 Aprili 1943 kule Basel alikunywa maikrogramu 250 saa kumi na dakika 20 jioni, na kwenye daftari lake dalili za kwanza ameziandika saa kumi na moja, yaani dakika 40 baadaye. Hali mbaya zaidi ameiweka kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku. Kwa kawaida kazi yake yote huchukua saa 8 hadi 12.

Basi mtu akiona hivo anasema, ahaa, huyu kavuta dakika 20, huyu kameza saa 10, kwa hiyo tofauti ni kuvuta na kumeza. Hapo ndo naposhindwa kuvumilia, kwa sababu jibu la hilo lipo tangu zamani, unatakiwa tu kuondoa tofauti ya njia. Dawa zote mbili zichome kwenye mshipa uone.

Na zimechomwa. Mwaka 1964 watafiti Aghajanian na Bing waliwapa watu LSD kwa sindano ya mshipa, maikrogramu 2 kwa kila kilo, wakawa wanapima damu na kuwapa hesabu za kufanya. Nusu-uhai, yaani muda wa dawa kupungua hadi nusu, waliyoipata kwenye plazma ilikuwa dakika 175, karibu saa tatu, na uwezo wa kufanya hesabu uliharibika kwa masaa. Tumbo halikuhusika pale, ilikuwa sindano, na bado ikakaa masaa. Upande wa pili Rick Strassman, Chuo Kikuu cha New Mexico, kuanzia 1990 alikuwa anawachoma watu wa kujitolea DMT kwenye mshipa, dozi kubwa ikiwa miligramu 0.4 kwa kilo. Kilele kwenye dakika ya pili, na nusu saa baadaye mtu amekaa kitandani anasimulia. Moshi haukuwepo, ilikuwa sindano, na bado ikaisha kama ilivyo kwa wanaovuta.

Mimi kwa mtazamo wangu hapo mjadala umeisha. Njia ile ile, matokeo tofauti, basi sababu iko kwenye molekuli yenyewe na jinsi mwili unavyoishughulikia.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua nusu-uhai ya DMT iwe dakika 10, ambayo iko katikati ya vipimo vilivyopo maana vinacheza kati ya dakika 5 na 15 hivi. Baada ya dakika 10 imebaki nusu, 20 imebaki robo, 30 imebaki moja ya nane. Sasa LSD kwa nusu-uhai ya dakika 175. Dakika 30 zikipita bado unayo karibu asilimia 89 ya uliyoanza nayo. Mmoja amebaki na makombo na mwenzake hajaanza hata kupungukiwa. Na usiniambie ni kwa sababu LSD ni kali zaidi. Ni kweli inafanya kazi kwa dozi ndogo zaidi ya mara mia moja kuliko DMT, lakini ukali wa dozi na urefu wa muda ni vitu viwili tofauti, dawa inaweza kuwa kali na fupi, fentanili ya sindano moja ni hivo.

Sasa nani anaiondoa DMT? Jibu la vitabuni ni kimeng'enya kinachoitwa monoamini oksidesi A, tunaandika MAO-A. DMT inafanana sana na serotonini, kemikali ya ubongo ya kupelekea ujumbe, na MAO-A ndo kazi yake kuvunja vitu vya aina hiyo, inaishika na kuigeuza asidi ya indoli asetiki ambayo haina kazi yoyote kwenye ubongo. Kimejaa utumboni na kwenye ini, ndo maana DMT ukiimeza peke yake hupati kitu. Stephen Szára aliligundua hilo mwenyewe Hungary mwaka 1956, akaimeza pasipo kuona chochote, afu akajichoma kwenye msuli, ikaanza baada ya dakika chache na kudumu chini au karibu ya saa moja. Angalia hapo, sindano ya msuli imerefusha kidogo. Hiyo ni kwa sababu msuli unaachilia dawa polepole, ni kama bomba linaloendelea kujaza ndoo iliyotoboka. Kwa hiyo njia ina mchango wake kwenye urefu pale tu inapochelewesha kuingia. Moshi na mshipa vinamwaga zote kwa mara moja, ndoo inavuja, basi.

Sehemu ninayotaka msiipite haraka ni hii. Wengi wakishasema "ini" wanafunga daftari. Lakini kasi ya kusafishwa kwa DMT iliyopimwa kwa binadamu ni kubwa kuliko damu yote inayopita kwenye ini, ambayo ni kama lita moja na nusu kwa dakika. Ini haliwezi kusafisha damu ambayo haijalifikia. Lazima inavunjwa na sehemu nyingine pia, na MAO-A ipo kwenye tishu nyingi, mapafu yakiwemo.

Na kuna jambo la pili ambalo kwenye slaidi zetu halipo kabisa, dawa kuhama. Wanaofanya kazi ya ganzi wanalijua kupitia thiopentoni. Mgonjwa analala ndani ya nusu dakika na anaweza kuamka baada ya dakika 5 hadi 10, wakati nusu-uhai ya thiopentoni ni masaa. Haijavunjwa, imetoka kwenye ubongo imeenda kwenye misuli na baadaye mafuta. DMT nayo inapenda mafuta na ubongo ndo unapata damu nyingi mwanzoni, kwa hiyo sehemu ya ule mteremko wa mapema, dakika ya tatu kwenda ya kumi, inawezekana ni kuhama na sio kuvunjwa. Ni kiasi gani kwa kila upande, hilo bado halijagawanywa vizuri, na mimi darasani nimeacha kuchora mshale mmoja tu kwenda kwenye kimeng'enya.

Kuvunjwa kuna uzito wake lakini, na ushahidi ni ayawaska ya watu wa Amazoni. Wanachemsha majani yenye DMT pamoja na mmea unaotambaa wenye harmini na harmalini, ambazo zinafunga MAO-A. DMT ileile ambayo ukiimeza haifanyi kitu sasa inafanya kazi kwa saa kama nne. Kwetu hapa jambo hili lina sura nyingine. Linezolidi tunayowapa wagonjwa wa kifua kikuu sugu nayo inazuia MAO, kwa udhaifu lakini inazuia. Ukiwa nesi na mgonjwa wa linezolidi akakwambia amevuta kitu hiki, usihesabu dakika 20 ukampeleka nyumbani. Hesabu ya dakika 20 ni ya mtu mwenye vimeng'enya vinavyofanya kazi. Angalia presha, joto la mwili, mikono kutetemeka, misuli kukakamaa, na uliza dawa za mfadhaiko na tramado.

LSD yenyewe inakaa kwa sababu ini linaivunja taratibu, MAO haiigusi. Mwaka 2017 ilitoka picha ya LSD ikiwa ndani ya resepta ya serotonini aina ya 2B, yaani sehemu ya seli inayopokea serotonini, na kipande cha resepta kimekunjika juu yake kama mfuniko, inakwama humo kwa muda mrefu. Watu walifurahi sana wakasema ndo siri ya masaa 12. Mimi nilikuwa mmoja wao, sasa nina mashaka. Vipimo vya watafiti wa Basel kwa watu vinaonyesha hisia zinapanda na kushuka pamoja na kiwango cha dawa kwenye damu, na kama damu inatosha kueleza muda wote, mfuniko unabaki na kazi ndogo.

Kuna jaribio moja linalomaliza kabisa habari ya moshi. Kama DMT ni fupi kwa sababu ndoo inavuja, basi endelea kumimina. Watafiti wa London na Basel wamefanya hivyo kwa dripu, na hali ikaendelea muda wote dripu inapoingia, Basel walifika dakika 90, na dripu ilipofungwa watu walirudi upesi. Lakini Basel pia waliona kitu ambacho kinanipa taabu, baada ya nusu saa dawa kwenye damu iliendelea kupanda ila hisia hazikupanda nayo, kama vile ubongo unazoea. Strassman alishawahi kutoa dozi nne, nusu saa kati ya moja na nyingine, na hisia hazikupungua. Huenda kinachowatenganisha ni ile nusu saa ya kupumzika katikati, resepta zinapata nafasi ya kujirudi. Yule mwanafunzi nilipomweleza hapa aliniuliza, "Kwa hiyo hata ukivuta mara moja, hapo ndani ya dakika tano ubongo unakuwa umeanza kuzoea?" Nikamwambia kwa dakika tano kiwango kwenye damu kinashuka kasi sana kiasi kwamba ukiona hisia zinapungua huwezi kujua ni kuzoea au ni dawa kuisha, ndo maana ilibidi watumie dripu.