Nafasi sawa, nafasi sawa: kisa cha bango la KAHAWA

Wiki hii nimeambiwa tena. Mteja kasimama nyuma yangu Mbuyuni, mikono mfukoni, anasema, "Mzee, hakikisha nafasi kati ya herufi ni sawa, kama za kompyuta." Nimechora maandishi hapa Moshi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sentensi hiyo sasa inaniwasha kama tina ikiingia kwenye kidonda. Kwanza, nafasi sawa ndiyo inayoharibu bango. Pili, kompyuta yenyewe haiweki nafasi sawa.

Nilitaka kumsimulia mteja yule kisa cha kijana wangu, ninayemfundisha kazi. Amekaa nami mwaka wa pili, mkono wake mzuri, haogopi ngazi. Siku moja akaniambia kwa adabu zote, "Shikamoo fundi. Naomba tuache kukisia. Steshenari kuna fonti mamia, tuchape, tukate, tupake." Tulikuwa na bango la muuza kahawa, plaiwudi ya sentimita 244, neno moja tu: KAHAWA, herufi za urefu wa sentimita 40. Nikamwambia haya, lako hilo, mimi nakunywa chai.

Akachapa kila herufi peke yake, karatasi nne nne zimeunganishwa kwa selotepu, akazikata. Akapima upana: K ni 27, H ni 28, W ni 38, na kila A ni 28. Jumla 177. Akaacha 20 kila pembeni, zikabaki 27, akagawa kwa mianya mitano: 5.4 kila mmoja. Hesabu safi kabisa, hakuna pa kumkosoa. Akachora kwa penseli, akapaka praima, rangi ya mafuta, kingo zimenyooka kama wembe. Tukalisimamisha ukutani ng'ambo ya barabara kulitazama.

Mama mmoja muuza ndizi akasoma kwa sauti: "Kaha... wa. Kaha wa nani?"

Si kosa lake. Ile 5.4 ya kijana ilipimwa kutoka ncha ya herufi moja hadi ncha ya nyingine, lakini jicho halisomi ncha, linasoma weupe uliobaki katikati. H ina ukuta wima. A imejiegemeza, kwa hiyo katikati ya kimo chake imerudi ndani kama sentimita 7. Ukiweka A kando ya H, jicho linaona mwanya wa 12 na kidogo. Sasa weka A kando ya W: A imerudi ndani kwa juu, W imerudi ndani kwa chini, na katikati ya kimo mwanya unafika 17. Rula inasema sawa, macho yanaona mlango. Na KAHAWA ina milango miwili ya namna hiyo mfululizo, kwa sababu Kiswahili kinapenda A kuliko mtoto anavyopenda sukari. Andika DAWA, WAKALA, ZAWADI, utaona mateso yetu.



Kijana akajitetea: fonti ndiyo mbaya, tutafute nyingine. Hapo ndipo nilipochoka. Fonti haikuwa na kosa. Aliyeichora fonti ni mtu kama mimi, naye alikaa akitazama A na W kwa jicho, kisha ndani ya faili lake akaandika jozi kwa jozi: hii ikikutana na hii, zisogezwe. Kijana alipochapa kila herufi peke yake aliitupa kazi yote ya mtu yule. Tena, ukiandika neno zima kwenye Word, usogezaji huo unaweza kuwa umezimwa. Ingia Font, kisha Advanced, uweke alama kwenye Kerning for fonts. Tukaenda steshenari tukajaribu. Kweli, W ikasogea kwa A mbele ya macho yetu. Kijana akanitazama kama nimeitengeneza mimi.

Lakini K na A ya kwanza ilibaki palepale. Hapo ndipo penye utamu, na penye shaka yangu.

Sisi wazee hufundisha kwamba weupe kati ya herufi uwe kama mchanga: kila mwanya ujae debe moja. Kwa A na H inakubali. Kwa A na W inakubali. Kwa K na A inakataa, kwa sababu ili mchanga utoshe inabidi uzisogeze hadi miguu yao ipandane. K imetupa mguu kulia, A imetupa mguu kushoto, na juu yao kuna shimo. L na A ni mbaya zaidi, na nani hapa mjini ameandika bango bila "duka la"? Kanuni ya mchanga haina jibu hapo. Fonti nayo kwa kawaida ina njia mbili tu, kusogeza au kuacha. Mwenye brashi ana ya tatu: anaibadilisha herufi yenyewe.

Nikasugua bango kwa msasa, nikapaka upya nyeupe, nikachora kwa chaki. Mguu wa K nikaukata sentimita 3, mkono wake wa juu nikauacha. Sasa A ikaingia chini ya mkono ule, miguu ikiachana kwa 2. A na H, na H na A, nikaacha 6. A na W, na W na A, 1 tu. Pembeni zikabaki 27 kila upande. Namba hizi nilizipima baadaye kwa kuwa kijana alizidai. Mimi nilikuwa natazama herufi tatu tatu, hizo nyingine nimezifunika kwa karatasi, nikijiuliza kama ya katikati iko katikati. Kisha hatua ishirini nyuma, macho nimeyafinya hadi maneno yawe ukungu. Palipo na mwanga mwingi ndipo pana kosa.

Je, kesho ningeweka tena 6 na 1? Sina hakika. Huenda ningeweka 7 na 2, nalo lingesomeka. Macho yangu ya jioni si ya asubuhi, na ya miaka hii si ya zamani. Kijana alilipokea hilo kwa furaha isiyo ya heshima.

Kazi iliyofuata ilikuwa DUKA LA NAFAKA, ukutani, Majengo. Nikamwachia. Akachora kwa chaki, hakugusa rula isipokuwa kwa mistari ya juu na chini. NAFAKA ilikaa vizuri, mguu wa K ameupunguza bila kuambiwa. Nikamsifu, nikaenda kununua tina. Kwa L ya upana wa 24 mimi hukata mguu hadi 19 hivi. Yeye alikuwa amenogewa, akaukata hadi 11, na alipoupaka rangi nene kidogo, kile kilichobaki kikafanana na doa chini ya nguzo.

Nilirudi nikamkuta mwenye duka amesimama barabarani, ameinamisha kichwa, anasoma taratibu: "Duka... ia... nafaka?"

Kijana alikuwa tayari amefungua kopo la nyeupe.