Kwa nini mtu hawezi kujitekenya: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mtu hawezi kujitekenya kwa sababu hawezi kujishtukiza.

Ukweli: Maelezo haya yanavutia, lakini mtoto mdogo anatosha kuyapinga. Akiviona vidole vya mjomba wake vinamjia polepole, huanza kucheka kabla hajaguswa, na akiguswa hucheka zaidi, ingawa hakuna alichofichwa. Kujua kwamba mguso unakuja, basi, hakutoshi kuuzima.

Kinachouzima ni ujuzi wa namna nyingine, ambao hautoki machoni. Ubongo unapoamuru misuli ya mkono isogee, hubaki na nakala ya amri hiyo, na kwa kuitumia hukisia mapema ngozi itahisi nini, mahali gani na kwa wakati gani. Mguso wenyewe unapofika hulinganishwa na makisio hayo, na vikipatana, hisia hupunguzwa. Amri inayosogeza vidole vya mjomba haipiti katika ubongo wa mtoto, kwa hiyo hata akivikodolea macho hana nakala ya kukisia kwa usahihi kiasi hicho.

Jaribio lililoonyesha jambo hili vizuri lilichapishwa mwaka 1999 na Sarah-Jayne Blakemore, Chris Frith na Daniel Wolpert, huko London. Mshiriki alishika kifaa kwa mkono mmoja na kukisogeza, na roboti ikazifuata nyendo zake kwa kupitisha kipande laini cha sifongo juu ya kiganja cha mkono wake wa pili. Roboti ilipomfuata papo hapo, mshiriki alikuwa kana kwamba anajigusa mwenyewe, na mtekenyo ulikuwa hafifu. Kisha watafiti wakaichelewesha roboti kwa milisekunde 100, halafu 200, halafu 300. Mkono uliosogea ulikuwa uleule na mguso uleule, lakini kadiri ucheleweshaji ulivyoongezeka hadi milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde, ndivyo washiriki walivyosema kwamba wanatekenyeka zaidi. Hali ilikuwa hiyohiyo roboti ilipogeuza mwelekeo, kwa mfano mkono ukienda mbele na nyuma huku sifongo ikienda kulia na kushoto. Mshiriki ndiye aliyeanzisha kila mguso, hivyo hakushtukizwa kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Makisio ya ubongo wake tu ndiyo yaliyokosea.

Ni haki kuongeza kwamba sifongo kiganjani huleta ule mtekenyo mwepesi wa kuwasha, ambao wengi huweza kujitia kidogo wakipitisha ncha ya ulimi kwenye kaakaa. Mtekenyo mzito wa kwapani na mbavuni, unaomfanya mtu ajikunyate na kuangua kicheko, ni aina nyingine, na si vyema kudhani kwamba jaribio la kiganja limemaliza maswali yake yote.

Dhana: Mtu akijigusa, ngozi yake haipeleki habari kwenye ubongo.

Ukweli: Mishipa ya fahamu hupeleka habari kama kawaida; tofauti hutokea zikishafika. Picha za ubongo zilizochapishwa na watafiti haohao mwaka 1998 zilionyesha kwamba sehemu inayopokea mguso hufanya kazi kwa kiwango cha chini mtu anapojigusa kuliko anapoguswa na mwingine, na dalili zilielekeza kwenye ubongo mdogo, ulio nyuma ya kichwa kuelekea kisogoni, kuwa ndio unaotoa makisio.

Dhana: Kicheko cha kutekenywa huhitaji binadamu mwingine, kwa kuwa ni mchezo wa watu wawili.

Ukweli: Mwaka 1999 Christine Harris na Nicholas Christenfeld waliwafunga washiriki macho na kuwaambia kwamba watatekenywa mara mbili, mara moja na mtu na mara nyingine na mashine. Kwa kweli mashine haikufanya lolote, kwani mara zote mbili mtekenyaji alikuwa mtu, aliyefichwa pale zamu ya mashine ilipofika. Washiriki walioamini kwamba wanatekenywa na chombo walicheka sawa na walipojua ni mtu. Jambo la lazima, kwa hiyo, ni mguso usiotokana na amri ya mtekenywaji mwenyewe.

Dhana: Hakuna mtu yeyote awezaye kujitekenya.

Ukweli: Wapo wanaokaribia. Mwaka 2000 Blakemore na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa wa akili waliokuwa wakisikia sauti zisizokuwapo, au waliohisi kwamba nguvu ya nje inaviendesha viungo vyao. Wagonjwa hao hawakuona tofauti kubwa kati ya kujigusa na kuguswa: mtekenyo ulikuwa karibu uleule. Wagonjwa wasiokuwa na dalili hizo waliona tofauti, kama watu wenye afya. Maelezo ya watafiti ni kwamba ulinganishaji wa amri na hisia umelegea kwa wagonjwa wa kundi la kwanza, na kwamba huenda ulegevu huohuo ndio unaowafanya wayaone mawazo yao wenyewe kuwa ni sauti ya mtu mwingine.