Eti jua likipatwa dunia nzima inaingia giza?

"Jua litapatwa, dunia nzima itakuwa giza, watumie wote!"

Hapana jamani. Mwezi ukipita kati yetu na jua unatupa kivuli, ila jua ni kubwa kuliko mwezi kwa hiyo kile kivuli cheusi kinachongoka kama ncha ya penseli, kikifika huku chini upana wake mara nyingi haufiki hata kilomita 200, nacho kinakimbia. Walio nje ya njia hiyo wanaona jua limemegwa tu, wa mbali zaidi hawaoni kitu. Jaribu na mpira juani: usogeze mbali na ukuta, kiini cheusi cha kivuli kinazidi kusinyaa. Watu wanachanganywa na zile picha za giza, kumbe zimepigwa ndani ya njia. Meseji hiyo ikikufikia usiiforwadi.