Kindi wa kwenye paketi ya karanga: dhana potofu na ukweli

Mama mmoja wa Kibaigwa anakaanga karanga za mayai na kuzifunga kwenye vipaketi vya gramu 30 vya kuwauzia watoto wa shule. Alinifuata Dodoma mjini akitaka maskoti, yaani katuni wa kukaa mbele ya paketi, na picha yake alikuwa nayo tayari kichwani: kindi mchanga, macho kama sahani, anarusha karanga juu na kuidaka kwa mdomo. Nilimchora hivyo hivyo. Sijawahi kupenda mchoro wangu wowote kuliko ule, na ndio tuliokuja kuutupa. Tuliyoyaamini siku ile nimeyasikia tena kwa wateja wengine, ndiyo maana nayaandika.

Dhana: Katuni ni pambo tu, kinachouza ni ladha.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwaonjesha watoto 40 wa miaka 4 hadi 6 biskuti, pipi laini za matunda na karoti. Kila chakula kililetwa kwenye paketi mbili. Ndani ni kitu kilekile, ila paketi moja ilikuwa na katuni wanayemfahamu na nyingine haina. Kwa biskuti na pipi, watoto wengi walisema iliyokuwa kwenye paketi ya katuni ndiyo tamu zaidi. Kwa karoti, katuni hakufua dafu kiasi hicho.

Kwa hiyo mchoro unaingia mpaka kwenye ulimi. Na matokeo ya karoti yanafaa kumkumbusha yeyote anayedhani atachora sungura mzuri, watoto waanze kugombania mboga.

Dhana: Tumelenga wa darasa la tatu, wadogo hawatuhusu.

Hapa ndipo tulipokosea zaidi. Umri unaoulenga umeuandika kwenye karatasi ya kazi. Mtoto wa miaka miwili hajaiona. Anachokiona ni sura. Konrad Lorenz, mtafiti wa tabia za wanyama kutoka Austria, alieleza mwaka 1943 alama zinazomfanya mtu aone kiumbe ni kichanga: kichwa kikubwa kuliko mwili, paji la uso lililotuna, macho makubwa yaliyokaa chini usoni, mashavu ya mviringo. Kindi wangu alikuwa nazo zote. Urefu wake mzima ulikuwa sawa na vichwa vyake viwili vikipangwa juu kwa juu, wakati mtu mzima hufika vichwa saba na nusu hivi. Yaani nilichora mtoto mchanga mwenye mkia.

Nilipeleka mchoro kwa jirani zangu Nkuhungu, akina mama wakiwepo, nikawauliza watoto maswali matatu: huyu ana umri gani, anafanya nini, ungependa kufanya naye nini? Wa darasa la tatu wakasema "ni mtoto mdogo", wakarudi kwenye mpira wao. Aliyeng'ang'ania karatasi ni mdogo wao wa miaka miwili na kidogo, aliyekuwa amepakatwa. Kaka yake wa miaka minne aliokota kokoto, akairusha juu na kuachama. Mama yake akaiwahi.

Karanga si kitu cha kuchezea kwa umri ule. Magego ya pili huota mtoto akiwa na miezi 23 hadi 33 hivi, na hata yakishaota, kutafuna kitu kigumu hadi kilainike ni kazi ya kujifunza. Njia ya hewa nayo ni nyembamba. Punje ikirushwa hewani, mtoto anainua kichwa, anafungua mdomo na kuvuta pumzi kwa pamoja, na punje inaweza kuifuata pumzi hiyo badala ya kwenda tumboni. Ikikwama kooni anakosa hewa papo hapo. Ikipita hadi kwenye mkondo wa pafu, kikohozi cha ghafla kinaweza kutulia, kisha siku zinazofuata kifua chake kinapiga filimbi upande mmoja na watu wakadhani ni mafua. Mara nyingi picha ya eksirei haiioneshi karanga yenyewe. Ndiyo maana ushauri wa kawaida wa afya ni kutompa karanga nzima mtoto aliye chini ya miaka 5. Karanga ya mayai, na lile ganda lake gumu la mviringo, haina nafuu yoyote.

Dhana: Mtoto anajua kuwa hilo ni tangazo.

Hapana. Jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilieleza mwaka 2004 kwamba walio chini ya miaka 4 au 5 hawatofautishi vizuri tangazo na kipindi, na mpaka miaka 7 au 8 wengi hawatambui kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi. Kwao kindi ni rafiki aliyewaonesha jinsi ya kula.

Dhana: Tutaweka onyo nyuma ya paketi, basi.

Onyo linasomwa na anayejua kusoma, tena akiigeuza paketi. Mbele picha inasema "rusha, daka". Maneno madogo ya nyuma hayawezi kuibishia. Tuliliweka, ila mbele, kwa herufi zinazolingana na za bei: "Si kwa mtoto chini ya miaka 5."

Dhana: Ukimwondolea utoto, hana mvuto.

Mama alilisema hili kwa uchungu. "Mwanangu, sasa si utanichorea kindi mzee?" Nikamwambia, mama, tunamkuza tu awe dada wa darasa la sita.

Shida yenyewe ilianzia kwenye vipimo. Kwenye paketi ya gramu 30 nafasi ya katuni ilikuwa kama sentimita mbili kwenda juu. Ukimchora mwili mzima, uso unakuwa kama punje ya mtama, kwa hiyo mchoraji anapanua kichwa ili uonekane, na kwa kupanua kichwa anarudi kwenye utoto bila kukusudia. Nilikata: nikabakiza kichwa, mabega na mikono miwili. Uso ukapata nafasi yake bila kichwa kuvimba. Macho nikayapunguza na kuyapandisha, paji likafupishwa, pua na taya zikarefushwa. Mwili mzima, kwa ajili ya bango, sasa una vichwa vinne na nusu.

Kitendo nacho kikabadilika. Amekaa, anamenya ganda kwa vidole, mdomo umefungwa. Mistari myembamba ya manyoya niliifuta, kwa sababu kiwandani rangi zikipishana hata kidogo, macho yanahama na kindi anakuwa kengeza. Hilo nilijifunza kwa kazi nyingine, kwa gharama yangu.

Niliporudi Nkuhungu, wa darasa la tatu walisema "dada anamenya karanga", na mmoja akauliza anaitwa nani. Mdogo wa miaka miwili aliitazama karatasi, akaiacha. Siku ya pili aliitaka tena. Ni mnyama mwenye mkia, na kwa umri ule mkia unatosha. Nilimwambia mama wazi kwamba kama angetaka asimvute kabisa mtoto wa aina hiyo, ingebidi paketi ibaki na maandishi na picha ya karanga tu. Alifikiri wiki nzima, akachagua kindi, akakubali paketi zisining'inizwe chini ya kaunta madukani.

Kilichobaki ni tangazo la redio. Anataka kindi aongee kwa sauti ya kitoto. Mimi nataka sauti ya yule dada, na mpaka leo hatujarekodi.