Bomba Linapopiga Kishindo Umeme Ukikatika: Presha ya Maji Kwenye Majengo Marefu

Malalamiko tunayopokea kutoka majengo marefu ya katikati ya jiji la Dar es Salaam yanafanana. Wa ghorofa za chini wanasema mipira ya sinki inapasuka usiku, wa juu kabisa wanasema bomba la mvua halitoi kitu, na karibu wote wanasikia kishindo ukutani umeme unapokatika. Wengi huja na bili mkononi wakidai sisi, mamlaka ya maji, tumeongeza presha. Hapana. Maji yakishapita kwenye mita na kuingia tangi la chini, presha iliyomo ndani ya jengo ni kazi ya jengo lenyewe.

Tuchukue jengo la ghorofa 20, kila moja ikiwa na kimo cha mita 3.2, na tangi juu ya paa. Kila mita 10 za kushuka huongeza presha kwa takribani baa 1. Ghorofa ya 20 inapata kama baa 0.4, ambayo haitoshi kuogea, kwa hiyo mbili za juu zinahitaji pampu ndogo ya kuongeza presha. Kuanzia ya 18 kushuka hadi ya 9, uzito wa maji pekee unatoa baa 1 hadi karibu 4. Hapo hapahitaji kitu. Lakini ghorofa ya chini kabisa inafikia baa 6.4, wakati sisi hatupendi kuona bomba la jikoni likizidi 5.

Ndiyo maana jengo hugawanywa kanda. Kwenye ghorofa ya 8, ambako presha ni baa 4.2, hufungwa valvu ya kupunguza presha na kuwekwa baa 1.5. Kutoka hapo kushuka inapanda tena taratibu, na ghorofa ya chini inapata baa 3.7 badala ya 6.4.

Tafadhali, valvu hii haiwanyimi maji wapangaji wa chini. Tumekuta majengo ambayo mlezi wa jengo amekaza skrubu yake hadi mwisho ili presha ipande, kwa sababu mpangaji mmoja alilalamika, na wiki chache baadaye wenzake wakafuta maji sakafuni. Wala si kitu cha kufunga na kusahau. Inahitaji chujio mbele yake na geji pande zote mbili. Itazame saa nane usiku, watu wakiwa wamelala. Ikiwa geji ya upande wa chini inapanda polepole kutoka 1.5 hadi kukutana na 4.2, kuna mchanga au kutu kwenye kikalio chake na valvu haifungi tena. Mchana huwezi kugundua, kwa sababu watu wanafungulia maji na presha inashuka. Mipira hupasuka usiku kwa sababu hiyohiyo.

Kishindo ni jambo jingine, na valvu hiyo haikitibu. Kinaanzia kwenye bomba la kupandishia maji. Pampu ya chini inasukuma maji kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, kisha umeme unakatika. Ndani ya sehemu ya sita au ya saba ya sekunde maji yote yaliyokuwa yakipanda yamesimama, na yanaanza kurudi chini. Noniritani, yaani valvu ya kuzuia maji yasirudi, ikiwa ni ya kawaida ya mlango wa kuning'inia na ikichelewa hata moja ya kumi ya sekunde, maji yanakuwa yamefikia karibu mita 1 kwa sekunde yakishuka, ndipo mlango unajibamiza. Kwenye bomba la chuma, kila mita 1 kwa sekunde inayozuiwa ghafla huzaa takribani baa 12. Zijumlishe na baa 7 za uzito wa maji unapata 19, na vifaa vingi hapo vimeandikwa PN16, yaani mwisho wake ni baa 16.

Dawa ni noniritani ya springi, ambayo hufunga maji yanapokaribia kusimama, kabla hayajaanza kurudi. Bomba likiwa refu zaidi, ongeza tangi la hewa karibu na pampu. Kufunga bomba ukutani kwa klempu nyingi hupunguza kelele tu, presha inabaki ileile.

Kwa maombi ya maunganisho ya jengo jipya, leta mchoro unaoonyesha kanda, presha iliyowekwa kwenye kila valvu na aina ya noniritani, ukiwa na saini ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Mchoro usio na presha tunaurudisha. Kwa jengo lililopo, mwenye jengo huomba ukaguzi kwa barua. Mpangaji hupitia kwake. Tukikuta pampu inayonyonya moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, au lakiri ya mita imekatwa, tunatoa notisi ya maandishi yenye tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita huduma inasitishwa, na kurudishiwa ni baada ya kulipa na kukaguliwa upya. Maji yaliyovuja baada ya mita yanabaki kwenye bili ya mteja, hata kama alikuwa safarini.

Siku ya ukaguzi mlezi wa jengo awepo na ufunguo wa chumba cha pampu. Tutaiwasha pampu mpaka mwendo utulie, kisha tutazima swichi mbele yake na kusikiliza.