Barua ya pongezi kwa watumishi wa wodi: kusifu kazi bila kuanika ugonjwa

Barua nyingi za shukrani zinazofika hospitali zinafanana: "Tunawashukuru madaktari na manesi wote kwa huduma nzuri na upendo, Mungu awabariki." Ni maneno mazuri, na wodini husomwa kwa furaha. Lakini barua ya namna hiyo ikishapita masijala huishia kwenye ubao wa matangazo, kwa sababu haimtaji mtu wala tendo. Mganga Mfawidhi hana cha kuandikia dokezo, na Muuguzi Mkuu hana faili la kuiweka. Upande wa pili ziko barua zilizojaa maelezo ya ugonjwa, dawa, mipira na vipimo, ambazo haziwezi hata kubandikwa ukutani. Barua inayofaa iko katikati: inataja matendo kwa uwazi, na inamwacha mgonjwa na siri yake.

Nitaeleza kwa kutumia hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania, maana ndiko barua hizi huandikwa zaidi. Mwandikiwa ni Mganga Mfawidhi. Kwa hospitali ya kanda au ya taifa andika kwa Mkurugenzi. Nakala moja iende kwa Muuguzi Mkuu na nyingine kwa muuguzi msimamizi wa wodi yenyewe. Ukiipeleka wodini pekee itasomwa na kufurahiwa, lakini haitaingia kwenye faili binafsi la mtumishi, na ni faili hilo linalofunguliwa majina ya wafanyakazi bora yanapotafutwa kuelekea Mei Mosi.

Tatizo la kwanza ni majina. Ndugu wa mgonjwa humjua nesi kwa jina moja, au hawalijui kabisa. Hilo lisikuzuie, kwa kuwa wodi ina rosta, na rosta ikipewa tarehe na zamu inamtoa mtu. Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapoleta utata. Ukiandika "Jumanne usiku, saa tisa", msomaji mmoja ataelewa saa tisa ya usiku ulioanza Jumanne jioni, mwingine ataelewa saa tisa ya alfajiri ya Jumanne yenyewe, na hizo ni zamu mbili tofauti zenye watu tofauti. "Usiku wa kuamkia Jumatano" ni afadhali, ila bado yupo atakayeitafuta kwenye safu ya Jumatano, wakati rosta huiweka zamu ya usiku kwenye siku ilipoingia. Andika hivi: "zamu ya usiku iliyoingia Jumanne tarehe 16 na kutoka Jumatano tarehe 17." Ukitaja zamu namna hiyo huna haja ya kutaja saa.

Ongeza cheo kama unakijua. Wodini hawapo madaktari na wauguzi tu. Yupo mhudumu wa afya anayebadilisha mashuka na kusukuma kiti cha magurudumu, yupo mfanya usafi, yupo mwanafunzi wa uuguzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, na yupo afisa ustawi wa jamii. Ndugu wengi huwaita wote "nesi" au "dokta", kisha barua inamtafuta muuguzi ambaye hayupo. Kama huna uhakika, eleza kazi aliyokuwa akifanya; wenzake watamtambua.

Tuje kwenye matendo. Sentensi yenye kazi ina vitu vitatu: nani alifanya, alifanya nini hasa, na kilibadilika nini kwa mgonjwa au kwa ndugu. "Alikuwa mkarimu sana" haina hata kimoja. "Alituandikia kwenye karatasi moja vitu vyote vya kununua, tukaenda duka la dawa mara moja badala ya kupanda na kushuka ngazi kutwa" inavyo vyote, na haijataja hata kitu kimoja kilichonunuliwa. Matendo yaliyo muhimu kwa mgonjwa mara nyingi ni ya aina hii: kuvuta pazia kabla ya kumwogesha, kuongea na mgonjwa mwenyewe badala ya kumuuliza mwanaye juu ya kichwa chake, kumtafuta mtu anayejua Kigogo kwa bibi asiyeelewa Kiswahili vizuri, kuwaambia ndugu saa ya raundi ili wasikeshe getini, kupiga simu kabla ya kumhamisha mgonjwa ili ndugu wasikute kitanda kitupu. Hilo la mwisho ni dogo kwa mpigaji. Kwa aliyewahi kukuta kitanda kimetandikwa upya, si dogo hata kidogo.

Siri ya ugonjwa haivuji kwa jina la ugonjwa peke yake. Kuna njia nyingine, na hazionekani kirahisi.

Ya kwanza ni jina la wodi. Wodi ikijulikana kwa ugonjwa unaotibiwa humo, kichwa cha barua tayari kimeshasema kila kitu. Tumia namba ya wodi, au jengo na ghorofa. Ya pili ni vifaa na ratiba: "alipokuja kubadilisha mpira", "kila baada ya kuchomwa sindano ya saa sita". Ya tatu ni matokeo. "Sasa anatembea tena" au "sasa anaongea vizuri" ni maneno ya furaha, lakini yanamweleza msomaji alichokuwa nacho mgonjwa. Tosheka na "ametoka hospitali" au "yuko nyumbani nasi", kama ni kweli.

Chukua mfano wa sentensi hii: "Mhudumu alimwekea mama kikombe upande wa kulia kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa hauna nguvu." Tendo ni zuri na linastahili kuandikwa. Ila yeyote mwenye mgonjwa wa kiharusi nyumbani ataelewa papo hapo. Isafishe iwe: "Kila alipopita alihakikisha kikombe cha maji na kengele viko mahali mama anapofikia, hivyo hakulazimika kumwita mtu kila alipotaka kunywa." Tendo limebaki, faida imebaki, sababu ya kitabibu imeondoka. Mhudumu mwenyewe akisoma atajua vizuri unazungumzia nini.

Huu si woga wa bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Mgonjwa ana haki ya kuulizwa kabla jina lake halijaandikwa, hata kama mwandishi ni mwanaye wa kumzaa. Akikubali, andika jina. Akisita, "mama yangu mzazi, aliyelazwa kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani" inatosha. Namba ya jalada la mgonjwa na namba yako ya simu viandike kwenye kikaratasi pembeni, kibanwe kwa pini nyuma ya barua. Masijala watavihitaji wakitaka kuhakiki, ila havitapanda ukutani pamoja na barua.

Kuna sifa zinazomwumiza anayesifiwa, na mwandishi hujua kwa kuchelewa. "Alituruhusu kuingia nje ya muda wa kuona wagonjwa" ni shukrani kwako, lakini kwa msimamizi wake ni taarifa kwamba utaratibu umevunjwa. "Alitupunguzia malipo" inaibua maswali ya fedha. "Alituonesha majibu kwenye faili" ni mbaya zaidi. Kama kuna tendo la wema lililopita kando ya utaratibu, mshukuru kwa mdomo. Vilevile epuka kumpandisha mmoja kwa kumshusha mwingine. Ukiandika "tofauti na wenzake wa zamu ya mchana", barua inageuka malalamiko, na itashughulikiwa kama malalamiko: watu wataitwa kujieleza, na uliyemsifu atageuka shahidi dhidi ya wenzake. Malalamiko yana barua yake na sanduku lake la maoni. Na ndani ya bahasha isiwemo noti. Hata "ya soda" humweka mtumishi pabaya.

Huu hapa mfano kamili. Mabano yanashika nafasi ya majina.

Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa (jina),
S.L.P. (namba).
22 Septemba 2025

YAH: PONGEZI KWA WATUMISHI WA WODI NAMBA 4

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mama yangu mzazi alilazwa Wodi Namba 4 kuanzia tarehe 13 hadi 19 Septemba 2025. Kwa ridhaa yake, naandika kuwapongeza watumishi wafuatao.

Muuguzi (jina), zamu ya usiku iliyoingia Jumanne tarehe 16 na kutoka Jumatano tarehe 17, alikaa na mama alipokosa usingizi na kumweleza kwa lugha nyepesi kila jambo kabla ya kulifanya. Asubuhi mama alitueleza mwenyewe kilichofanyika na kwa nini, kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

Mhudumu wa afya (jina), zamu ya asubuhi tarehe 15 na 16, alivuta pazia kila mara kabla ya kumwogesha na kumuuliza kama yuko tayari. Mama alikuwa ameanza kukataa kuogeshwa. Baada ya hapo hakukataa tena.

Muuguzi aliyekuwa zamu ya jioni Alhamisi tarehe 18, ambaye jina lake sikulipata, alitupigia simu kabla mama hajahamishiwa chumba kingine. Tulipofika tulikwenda moja kwa moja alipo.

Naomba pongezi hizi ziwafikie wahusika na ziwekwe kwenye kumbukumbu zao za kazi.

Wako,
(saini na jina)

Nakala: Muuguzi Mkuu, Muuguzi Msimamizi, Wodi Namba 4.

Angalia sentensi ya ombi mwishoni. Bila hiyo, anayeandika dokezo hana anachoombwa kufanya zaidi ya kusoma. Angalia pia kwamba watu ni watatu tu. Ukijaza majina kumi, kila mmoja atapata neno moja la sifa, na barua itarudi kuwa ile ya "madaktari na manesi wote". Ukurasa mmoja unatosha. Ukiona umevuka, punguza watu, usipunguze matendo.

Kama mgonjwa alifariki, barua bado inaandikwa, na mara nyingi ndiyo inayosomwa kwa makini zaidi wodini. Kanuni ni zilezile: usieleze kilichomwua, eleza waliyoyafanya. Kwa mfano, waliwapa ndugu muda kando ya kitanda bila kuwaharakisha, walimwita marehemu kwa jina lake walipokuwa wakimhudumia, na mmoja aliwafuata hadi ukumbini kuwaeleza taratibu za mochwari.

Peleka mapema, rosta ya mwezi huo ikiwa bado ukutani. Chapisha nakala ya ziada, ipigwe muhuri wa kupokelewa masijala, ubaki nayo. Kama unayemsifu ni mfanya usafi, uliza kwanza ameajiriwa na nani. Hospitali nyingi hutumia kampuni za usafi, kwa hiyo faili lake haliko hospitalini na nakala yake iende kwa msimamizi wa kampuni. Kwa mwanafunzi, nakala iende kwa mkuu wa chuo chake.