Je, wajua kwa nini kampuni hutangaza hasara ya mabilioni bila kupoteza fedha taslimu?

Inakuwaje kampuni itangaze hasara ya mabilioni mwaka huu, na wakati huohuo iseme kwamba hakuna fedha iliyotoka kwenye akaunti zake?

Fedha ilitoka zamani, siku kampuni hiyo iliponunua kampuni nyingine. Kinachotangazwa sasa ni kukiri kwamba sehemu ya bei iliyolipwa siku ile haina tena thamani iliyoandikwa vitabuni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni inanunuliwa kwa milioni 100, ilhali vitabu vyake vinaonyesha mali ya milioni 40 baada ya kutoa madeni. Mnunuzi hawezi kuhamisha namba hizo kama zilivyo. Kanuni za kimataifa za uhasibu zinamtaka apime upya kila kitu kwa thamani ya siku ya ununuzi. Mitambo na bidhaa, ukitoa madeni, vinafikia milioni 45. Kisha vinajitokeza vitu ambavyo havikuwamo kabisa katika vitabu vya muuzaji: nembo inayothaminiwa kwa milioni 15, na mikataba ya wateja kwa milioni 12. Hizi ni mali zisizoshikika. Muuzaji hakuziandika kwa sababu nembo iliyojengwa na kampuni yenyewe hairuhusiwi kuingizwa kwenye mizania yake, lakini ikinunuliwa ndani ya kampuni nzima inapata bei, nayo huandikwa.

Ukipuuza suala la kodi, jumla ni milioni 72. Milioni 28 zinazobaki hazina kitu mahususi cha kubandikwa, nazo ndizo huitwa gudwili. Ndani yake mna ujuzi wa wafanyakazi, ambao kanuni haziruhusu uandikwe peke yake, na matumaini kwamba kampuni mbili zikiungana zitapata zaidi ya zilivyopata kila moja kivyake. Mna pia kitu ambacho wanunuzi hawapendi kukitaja, yaani bei iliyozidi kwa sababu ya ushindani au pupa.

Baada ya hapo mali hizi hazitendewi sawa. Mikataba ya wateja ikitarajiwa kudumu miaka 6, milioni 2 huondolewa kila mwaka. Gudwili haipunguzwi hivyo chini ya kanuni za kimataifa. Hupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Wahasibu huchukua kitengo cha biashara kinachoibeba, hukadiria fedha kitakazoingiza miaka ijayo, kisha huzirudisha kwenye thamani ya leo kwa kiwango cha riba kinacholingana na hatari iliyopo. Jibu hilo, au bei ya kukiuza kitengo baada ya kutoa gharama ikiwa ni kubwa zaidi, hulinganishwa na thamani iliyo vitabuni.

Tuseme mnunuzi wetu alitarajia milioni 8 kila mwaka bila kikomo. Kwa riba ya asilimia 8, hiyo ni milioni 100 kamili. Miaka miwili baadaye vitabu vinaonyesha milioni 96, kwa kuwa mikataba imepungua kwa milioni 4 na mengine, tuchukulie, hayakubadilika. Mapato bado ni milioni 8, ila riba imepanda hadi asilimia 10, hivyo thamani ya leo imekuwa milioni 80. Tofauti ya milioni 16 ni hasara, nayo huanza kukatwa kwenye gudwili, inayobaki milioni 12. Hakuna mteja aliyeondoka. Wateja wangeondoka, pengo lingekuwa kubwa zaidi. Na riba ikishuka tena mwakani, gudwili iliyokatwa hairudishwi.

Kisa kikubwa kinachojulikana ni cha kampuni mbili za Marekani: AOL, iliyotoa huduma za intaneti, na Time Warner, ya vyombo vya habari na burudani. Muungano ulitangazwa Januari 2000, wakati hisa za kampuni za intaneti zilikuwa ghali mno, na AOL ililipa kwa hisa zake yenyewe. Ulipokamilika Januari 2001, bei za hisa hizo zilikuwa zimeshaanguka, lakini gudwili kubwa iliandikwa vitabuni. Mwaka 2002, kanuni mpya za Marekani zilipotaka gudwili ipimwe badala ya kupunguzwa kila mwaka, kampuni ilikata takriban dola bilioni 54 katika robo ya kwanza, kisha nyingine zipatazo bilioni 45 mwishoni mwa mwaka.

Kwa maoni yangu, udhaifu mkubwa wa kipimo hiki ni kwamba makadirio hutolewa na viongozi walewale walioidhinisha ununuzi. Tena, kitengo kilichonunuliwa kikiunganishwa na biashara ya zamani inayofanya vizuri, thamani ya biashara hiyo, ambayo haikuwahi kuandikwa, hufunika upungufu kwa miaka mingi. Ndiyo maana msomaji wa mizania hufanya vyema kulinganisha thamani ya hisa zote sokoni na mtaji ulio vitabuni: soko likikaa chini ya vitabu kwa muda mrefu huku gudwili ikiwa haijaguswa, ni haki kuuliza makadirio ya ukuaji na kiwango cha riba kilichotumika, ambavyo kwa kawaida huelezwa katika maelezo ya hesabu za mwaka.